Nyumba Moja, Usiku Mmoja, Barua Moja

“Fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, ana usiku mmoja tu wa kumaliza gauni la harusi, na bibi harusi mwenyewe ni binti wa mwanamke aliyemnyang’anya mume.”

Mtayarishaji wa filamu anayeisoma sentensi hiyo hajiulizi kwanza kama hadithi ni tamu. Bila hata kukusudia, ameshaanza kupiga hesabu: nyumba moja, usiku mmoja, cherehani, gauni, wanawake wawili wenye kisa chao. Picha ya mtu atakayeitazama filamu hiyo nayo imeshamjia, kwa kuwa ugomvi wa mume na siri za siku ya harusi ni mambo yenye wenyewe. Kwa sentensi moja amepata fununu ya mambo matatu anayoyatafuta: hadithi inahusu nini, nani ataitazama, na itamla kiasi gani cha fedha. Barua inayosindikiza mswada kwa mtayarishaji kazi yake ni hiyo tu. Iyaeleze mambo hayo matatu ndani ya ukurasa mmoja, kisha kurasa chache za mswada zilizoambatishwa zithibitishe kwamba barua imesema kweli.

Waandishi wengi chipukizi huiandika barua hii kama barua ya kuomba kazi. Wanaanza kwa kumtakia mtayarishaji afya njema, wanasimulia walivyoipenda sanaa tangu utotoni, wanaahidi kujituma wakipewa nafasi, na wanamalizia kwa “wako mtiifu”. Lakini msomaji wake ndiye atakayetafuta fedha, atakayekodi kamera, na atakayewalisha watu kila siku ya kupiga picha. Anaisoma barua kama hati ya hesabu, na anachokichunguza zaidi ni kama sehemu zake zinakubaliana. Hadithi ikidai kitu kimoja na bajeti ikidai kingine, barua inawekwa kando hata kama mswada ni mzuri.

Mfano unaotajwa sana wa hesabu hizo kukubaliana ni wa Robert Rodriguez, kijana wa Texas aliyetengeneza filamu ya El Mariachi iliyotoka mwaka 1992. Kiini cha hadithi yake kinasemeka kwa pumzi moja: mwanamuziki anaingia katika mji mdogo wa Mexico akiwa na gitaa lake, na watu wanamdhania kuwa muuaji anayebeba silaha ndani ya kasha la gitaa. Watazamaji aliowalenga mwanzoni walikuwa wa soko la kanda za video za Kihispania, soko lisilolipa fedha nyingi, kwa hiyo naye alipanga kutumia fedha chache. Aliiandika hadithi kwa kuangalia vitu alivyoweza kuvipata bure katika mji wa Ciudad Acuña, likiwamo basi, kasa na mbwa, na vyote vikaingia kwenye filamu. Alipiga picha kwa muda wa wiki mbili hivi, kamera akiishika mwenyewe, na gharama ilikuwa takribani dola 7,000.

Kiasi hicho kimewapotosha wengi. Waigizaji wengi wa El Mariachi hawakulipwa, na sehemu ya fedha Rodriguez aliipata kwa kujitolea kufanyiwa majaribio ya dawa. Kampuni ya Columbia Pictures ilipoichukua filamu hiyo, ililazimika kutumia fedha nyingi zaidi kusafisha sauti na kuiandaa kwa ajili ya majumba ya sinema. Mwandishi wa Dar es Salaam au Mombasa anayeandika kwenye barua yake kwamba filamu inaweza kutengenezwa kwa dola 7,000 kwa sababu Rodriguez aliweza, anamwambia mtayarishaji kwamba hajui watu wanalipwaje. Cha kuiga kwa Rodriguez ni mpangilio wake: hadithi, soko na mfuko vilikwenda sambamba tangu siku ya kwanza.

Sasa uchukuliwe ule mswada wa fundi wa Ngamiani kuwa mfano wetu, na upewe jina la Usiku wa Gauni. Ni filamu ya dakika 90. Mwandishi anampelekea mtayarishaji barua ya ukurasa mmoja na kurasa 10 za mwanzo za mswada. Kichwa cha barua kinafuata desturi ya ofisi zetu na kinasema kila kitu mapema: “YAH: MSWADA WA FILAMU YA USIKU WA GAUNI, DAKIKA 90”. Kwa maneno hayo machache mtayarishaji anajua kuwa hasomi tamthilia ya vipindi 26 wala filamu fupi ya kupeleka kwenye tamasha.

Aya ya kwanza ya barua ni ile sentensi ya kiini. Inabeba mtu anayetaka kitu, kizuizi kinachomkabili, na muda unaomwishia. Ikikosa kimojawapo, hadithi inalegea. Mwandishi angeandika kwamba filamu “inahusu maisha ya mwanamke aliyepitia changamoto nyingi lakini hakukata tamaa”, mtayarishaji asingeona hata tukio moja la kupiga picha. Sentensi ya namna hiyo hutambulika kwa urahisi, kwani ikihamishiwa kwenye mswada mwingine wowote inafaa vilevile. Njia nyepesi ya kuijaribu ni kumsomea mtu asiyeujua mswada, kisha kumwuliza nani anataka nini na kwa nini asiache tu akaenda zake. Akishindwa kujibu, sentensi irudiwe.

Aya ya pili inaeleza hadithi kwa sentensi tano au sita, pamoja na mwisho wake. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa kudhani kwamba wakificha mwisho watamtia mtayarishaji hamu ya kuuliza. Mtayarishaji hajakata tiketi. Anataka kujua kama mwandishi anaweza kulifunga jambo alilolifungua. Kwa hiyo barua yetu inasema hivi:

“Mwanaidi ameshapokea malipo ya awali ya gauni na kuyalipia ada ya mwanawe. Saa mbili usiku, bibi harusi anakuja kujaribu gauni akiwa na mama yake, na Mwanaidi anamtambua mama huyo. Hawezi kuiacha kazi kwa sababu fedha hana za kurudisha. Saa nne umeme unakatika na cherehani yake ya umeme inazima, naye analazimika kuifunua cherehani ya kukanyaga aliyonunuliwa na mumewe walipooana. Usiku kucha anashona, huku watu watatu wakija mlangoni mmoja baada ya mwingine, wa mwisho akiwa mume mwenyewe. Alfajiri analikabidhi gauni bila dosari, anahesabu fedha zake zote palepale mlangoni, na anamkatalia mume anayeomba kurudi.”

Maneno hayo hayafiki mia moja, na hakuna mahali mwandishi alipomsifia msomaji filamu yake. Hakusema itasisimua wala itaelimisha jamii. Ametaja matukio, na matukio hayo yanaonekana kwa macho.

Aya ya tatu ni ya watazamaji. Jibu linalokuja upesi ni kwamba filamu ni ya watu wa rika zote, na jibu hilo halimsaidii mtayarishaji hata kidogo. Yeye hauzi filamu kwa rika zote. Anaiuza kwa mkuu wa vipindi wa chaneli fulani, kwa jukwaa la mtandaoni, kwa mwenye jumba la sinema, au anaipeleka kwenye tamasha kama lile la Zanzibar. Kila mlango una watu wake. Barua ya Usiku wa Gauni inaweza kusema kwamba watazamaji wake wa kwanza ni wanawake wa mijini wa miaka 20 hadi 50 wanaofuatilia tamthilia za Kiswahili jioni, za aina ya Huba na Jua Kali za Maisha Magic Bongo, na kwamba wanaijua vyema hali ya kugombea heshima ndani ya shughuli ya harusi. Hapo mtayarishaji anajua ampigie nani simu.

Kulinganisha na filamu nyingine kunafaa pia, ila mwandishi achague yenye ukubwa unaokaribiana na yake. Binti, filamu ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Seko Shamte, inafuatilia maisha ya wanawake wanne wa Dar es Salaam, na baadaye ilifika Netflix. Kuitaja katika barua kunamkumbusha mtayarishaji kwamba hadithi za wanawake wa kawaida wa mijini, kwa Kiswahili, zimeshapata njia ya kutoka nje ya mipaka. Kuitaja filamu ya mashujaa wa Hollywood iliyoingiza mamilioni ya dola hakumwonyeshi chochote, kwani haifanani na hii kwa lugha, kwa soko wala kwa gharama.

Zinafuata fedha, na hapa ndipo barua nyingi huanguka. Kuna wanaoandika “bajeti itajadiliwa”, na kuna wanaotaja kiasi kikubwa cha fedha bila msingi. Mwandishi wa mswada hatakiwi kuambatisha jedwali zima la bajeti, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mtayarishaji na meneja wa uzalishaji. Anachotakiwa ni kutaja makadirio yenye kima cha chini na cha juu, pamoja na sababu mbili tatu zinazoyashikilia. Ili ayataje kwa uaminifu, lazima kwanza akae na mswada wake na kalamu.

Hesabu inaanzia kwenye kurasa. Mswada ulioandikwa kwa mpangilio wa kawaida wa filamu, kwa mwandiko wa Courier wa ukubwa wa 12, hukadiriwa kuwa dakika moja kwa kila ukurasa. Watu wa uzalishaji hugawa kila ukurasa katika sehemu nane ili wapange siku za kazi. Kurasa 90 za Usiku wa Gauni, zikipigwa picha kurasa sita kwa siku, zinachukua siku 15. Kasi hiyo ingekuwa ndoto kwa filamu ya kufukuzana barabarani, ambayo mstari mmoja wa mswada unaweza kumeza siku nzima. Kwa watu wawili wanaozungumza chumbani, kwenye nyumba ambayo taa na kamera hazihamihami, inawezekana.

Siku 15 zikishapatikana, mengine yanafuata. Kwa mfano huu, wawepo watu 25 kila siku, waigizaji na mafundi wa nyuma ya kamera, na malipo yao kwa wastani yawe shilingi 60,000 za Tanzania kwa siku. Hapo pekee ni milioni 22 na nusu. Chakula na maji kwa shilingi 10,000 kwa kila mtu kwa siku ni 3,750,000. Kamera, taa na vifaa vya sauti vikikodiwa kwa laki tano kwa siku vinafika milioni saba na nusu. Kukodi nyumba, usafiri, na jenereta na mafuta yake vipewe 5,250,000. Magauni na mapambo ya chumba yapewe milioni mbili, na uhariri, usafishaji wa sauti, rangi na muziki wa filamu vipewe milioni tisa. Jumla ni milioni 50. Ikiongezwa asilimia 10 ya dharura, kama ilivyo desturi ya bajeti za filamu, inakuwa milioni 55. Bei hizi ni za mfano tu, na kila mwandishi ataulizia za mji wake. Ila utaratibu wa kuzipata ni huohuo popote, na barua sasa inaweza kusema kwa utulivu kuwa makadirio ni “kati ya shilingi milioni 50 na 60”.

Katika hesabu hiyo kipo kifungu kinachoonyesha kama mwandishi anaijua kazi. Ni yale magauni, ambayo yametajwa kwa wingi. Ndani ya hadithi gauni ni moja, lakini filamu haipigwi picha kwa mfuatano wa hadithi. Siku ya tatu huenda likapigwa tukio la mwisho ambapo gauni limekamilika, na siku ya tisa likapigwa la mwanzo ambapo halina mikono. Yanahitajika magauni matatu ya kitambaa kimoja: lililokatwa tu, lililoshonwa nusu, na lililokamilika. Mwandishi akilitaja jambo hili kwa sentensi moja ndani ya barua, mtayarishaji anajua kwamba huyu ameshaifikiria siku ya kupiga picha.

Usiku nao una bei yake. Mtu anaweza kudhani kwamba filamu ya gizani haihitaji taa, kumbe giza la kwenye filamu hutengenezwa kwa taa, la sivyo uso wa mwigizaji hauonekani. Kupiga picha usiku kwa siku 15 kunawachosha watu na kunahitaji usafiri wa kuwarudisha makwao alfajiri. Kwa kuwa sehemu kubwa ya hadithi hii iko ndani ya nyumba, matukio mengi yanaweza kupigwa mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa vitambaa vyeusi, na usiku wa kweli ukabaki kwa matukio ya mlangoni tu. Hasara yake ni joto la ndani na kelele za mtaa. Jenereta iwekwe mbali na nyumba kwa waya mrefu ili mngurumo wake usiingie kwenye sauti, na kazi ikwepe masika, miezi ya Machi hadi Mei, maana mvua ikigonga mabati hakuna mazungumzo yatakayosikika. Barua haina haja ya kueleza yote hayo. Inatosha kusema kwamba picha zinaweza kupigwa Julai, ndani ya nyumba moja, kwa wiki tatu zikiwamo siku za mapumziko.

Hesabu hizo zinaweza hata kuubadilisha mswada wenyewe. Tuseme rasimu ya kwanza ya Usiku wa Gauni iliishia ukumbini, mbele ya wageni 200, Mwanaidi akiingia kudai fedha zake huku bendi ikipiga. Wageni hao wangehitaji mavazi, chakula, usafiri na mtu wa kuwapanga, ukumbi ungekodiwa, na bendi ingelipwa. Siku mbili za harusi hiyo zingekula sehemu kubwa ya bajeti ya nyumba nzima. Mwandishi hapaswi kuificha harusi ndani ya mswada na kuandika milioni 55 kwenye barua, kwa kuwa mtayarishaji atafika ukurasa wa 85 na kuona amedanganywa. Katika rasimu mpya, harusi inasikika bila kuonekana. Matarumbeta yanapita mtaani alfajiri, nyuma ya mlango, wakati fedha zinahesabiwa. Gharama ya wageni 200 imegeuka kuwa kazi ya mtu wa sauti, na hadithi imebaki mahali ilipoanzia.

Yapo mambo ambayo hayawezi kupunguzwa, na barua iyaseme. Vuta N’kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, inatokea Zanzibar ya miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Kiingereza. Hadithi ya aina hiyo inadai mavazi ya enzi zile na mitaa isiyo na dalili za leo, na Mji Mkongwe ni mtaji ambao miji mingi haina. Aidha, filamu hiyo inatokana na riwaya ya Adam Shafi. Yeyote anayeandika mswada kutokana na kitabu cha mtu mwingine anapaswa kusema katika barua kama ameshapata idhini ya mwenye haki. Bila idhini hiyo mtayarishaji hana kitu cha kununua, hata mswada uwe mzuri namna gani. Vivyo hivyo, jina la mwigizaji maarufu lisiandikwe kama hajakubali kwa maandishi.

Zinabaki zile kurasa 10. Kazi yake ni kuonyesha kwamba mwandishi anaandika kwa kuonekana na kusikika. Tukio la kujaribu gauni linaweza kuandikwa hivi:

NDANI. CHUMBA CHA MWANAIDI – USIKU

Mwanaidi amepiga magoti, pini mdomoni, anapima upindo wa gauni. Mlango unafunguliwa. Anainua macho. Pini zinamwanguka moja moja.

Hapo mwigizaji ana la kufanya na kamera ina la kutazama. Mwandishi angeandika kwamba Mwanaidi “anakumbuka miaka yote ya mateso aliyoyapata”, mwongozaji angebaki akijiuliza aielekeze kamera wapi. Kurasa hizo zitumwe kama faili moja la PDF lenye jina linaloeleweka, mfano `Usiku_wa_Gauni_kurasa_10.pdf`, zikiwa na jina na simu ya mwandishi kwenye ukurasa wa kwanza. Mswada mzima usitumwe mpaka uombwe, ila uwe umekamilika, kwa sababu ukiombwa unatakiwa siku hiyohiyo.

Wengi huogopa kuibiwa hadithi, na hofu hiyo huwafanya waandike barua ya mafumbo. Sheria ya hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoandikwa, hailindi wazo tupu, kwa hiyo kinachomlinda mwandishi ni mswada uliokamilika na wenye tarehe. Kwa Tanzania anaweza kuusajili COSOTA kabla ya kuutuma, na Kenya ipo KECOBO. Baada ya hapo aeleze hadithi yake waziwazi.

Mwenye mswada na asome barua yake huku zile kurasa 10 zikiwa pembeni, akihesabu kwa kalamu: mahali pangapi, watu wangapi, mchana au usiku, magari, umati, mvua. Kila anapokuta kurasa zinadai kitu ambacho fedha zilizotajwa haziwezi kukilipia, arekebishe mojawapo. Amtumie mtayarishaji mmoja aliyeshatengeneza filamu za aina hiyo, kwa jina lake, na siyo barua moja iliyonakiliwa kwa watu 15. Asubiri wiki tatu au nne, akumbushe mara moja kwa sentensi mbili, na kama hakuna jibu aende kwa mwingine.